Data ya mishahara ya Julai 2023: mnaisogezaje hadi Januari 2026 kabla ya kupanga skeli?

#1 Mtunza_Skeli
Wakuu, habari za kazi. Ofisini tuna ripoti ya savei ya mishahara ambayo data yake ni ya 1 Julai 2023. Bodi inataka skeli mpya zianze 1 Januari 2026, na fungu la kununua ripoti mpya mwaka huu halipo. Hivyo hakuna namna, data ya zamani lazima isogezwe hadi leo kwanza, ndipo tupange skeli.

Nichukue nafasi moja ili tuongee kwa namba. Mhasibu, mediani ya mshahara wa msingi ni 1,800,000 kwa mwezi. Kutoka Julai 2023 hadi Januari 2026 ni miezi 30. Mnatumia asilimia gani kwa mwaka? Mnazidisha moja kwa moja au kwa mlimbikizo? Na mnaishia siku skeli inapoanza, au mnakwenda mbele zaidi?

#2 Kibubu255
Mbona rahisi mkuu. Tumia mfumuko wa bei wa NBS. Mwaka 2023 wastani ulikuwa asilimia 3.8, mwaka 2024 ukawa 3.1. Weka 3.3 kwa mwaka, zidisha, umemaliza. Hapo hakuna wa kukubishia maana ni takwimu ya serikali.

#3 Bi_Gredi
Kabla ya asilimia tuanze na tarehe. Mtunza_Skeli, hiyo 1 Julai 2023 umeitoa wapi? Kwenye jalada au kwenye kurasa za maelezo ya namna data ilivyokusanywa? Jalada huwa na tarehe ya kuchapishwa. Unayoitaka ni ile siku ambayo kampuni ziliambiwa "tupeni mishahara kama ilivyo tarehe fulani". Ripoti inaweza kutoka Novemba wakati mishahara iliyomo ni ya Aprili, na ukianza kuhesabu Novemba umeshapoteza miezi saba.

Jambo la pili liko kurasa hizohizo. Kuna watoa savei ambao huisogeza data wenyewe kabla ya kuchapisha, hasa wanapokusanya kwa miezi mingi na wanataka kampuni zote zisomeke kwa siku moja. Ukiona sentensi ya aina hiyo, tarehe yako ya kuanzia ni ile waliyoisogezea. Usipoiona utasogeza kitu kilichokwisha kusogezwa, na mwisho wa siku skeli zitakuwa juu bila mtu kujua sababu.

Kibubu255, mfumuko wa bei unapima bei ya unga, nauli na kodi ya nyumba. Hapa tunataka kujua bei ya mhasibu imesogea kiasi gani. Wakati mwingine mishahara huenda mbio kuliko bei, wakati mwingine hubaki nyuma miaka miwili mfululizo.

#4 Kibubu255
Lakini vyama vya wafanyakazi vikikaa mezani hoja ya kwanza ni mfumuko wa bei. Kwa hiyo mishahara inaufuata.

#5 Bi_Gredi
Inaufuata kwa kuchelewa na kwa kiasi kingine. Angalia tofauti kwa mfano uleule. Kwa 3.3 miaka miwili na nusu, 1,800,000 inafika karibu 1,952,000. Sasa tuchukulie kampuni za kwenye savei zilitangaza bajeti za nyongeza za asilimia 5 mwaka 2023, 6 mwaka 2024 na 7 mwaka 2025 (hizi nimezitunga kwa ajili ya hesabu, msizinakili):

```
=B2*(1+C2)^(6/12)*(1+D2)*(1+E2)
```

B2 ni 1,800,000, C2 ni 5%, D2 ni 6%, E2 ni 7%. Nusu mwaka ya 2023, halafu 2024 nzima, halafu 2025 nzima. Jibu ni 2,091,976. Kati yake na njia yako kuna karibu shilingi 140,000 kwa mwezi, kwa nafasi moja. Mhasibu aliyepewa ofa ya 1,950,000 wakati wenzake wanapewa 2,090,000 hatapokea simu yako mara ya pili.

Kila mwaka na asilimia yake. Usichukue asilimia ya mwaka huu ukairudisha nyuma miaka yote.

#6 Ngosha_wa_Hesabu
Swali la mlimbikizo nadhani mnalipa uzito mno. Jumlisha tu 2.5 + 6 + 7, unapata 15.5, mhasibu anakuwa 2,079,000. Tofauti na ya Bi_Gredi ni kama 13,000, haifiki hata asilimia moja. Kosa kubwa liko kwenye asilimia yenyewe. Ukikosea pointi moja kwa mwaka, baada ya miezi 30 umekosea pointi mbili na nusu na zaidi.

Ila nitaongeza la Excel. Wengi wanatumia DATEDIF kuhesabu miezi:

```
=DATEDIF(D2,E2,"m")
```

Hapo D2 ni tarehe ya kuanzia na E2 ni ya mwisho. Hiyo inahesabu miezi iliyotimia. Ukiandika 1/7/2023 hadi 31/12/2025 inatoa 29, siyo 30. Weka 1/1/2026. Na angalia mpangilio wa tarehe kwenye kompyuta. Kama umewekwa wa Kimarekani, 1/7/2023 itasomeka 7 Januari, halafu unapata miezi 35 na hakuna kinachopiga kelele. Njia ya kujua ni kubadili seli ionyeshe jina la mwezi kwa herufi.

#7 Mtunza_Skeli
Shukrani Bi_Gredi, nimerudi kwenye ripoti. Tarehe ya mishahara ni 1 Julai 2023 kweli, imechapishwa Oktoba, na hawakusogeza kitu. Ngosha, hilo la tarehe limenikuta, kompyuta moja hapa ni ya Kimarekani.

#8 Mwanakwetu_Pwani
Wakuu samahani kwa kuingilia. Mimi tangu 2022 sijaongezwa hata mia. Nikichukua hiyo fomula ya #5 nikaweka mshahara wangu, naweza kumpelekea mwajiri kama dai?

#9 Bi_Gredi
Ndugu yangu, hapana. Fomula hii inasogeza bei ya kazi sokoni kama ilivyoonekana kwenye savei. Mshahara wako wewe haumo humo ndani. Unachoweza kufanya ni kuuliza skeli ya nafasi yako inaanzia wapi na kuishia wapi, halafu uone umesimama sehemu gani. Kama uko chini ya kiwango cha chini cha skeli, hoja yako ni hiyo, na ni hoja nzito.

#10 Mtu_wa_Mshahara
Mnasumbuka bure. Serikali imeshatangaza kima cha chini kimepanda asilimia 35.1. Hiyo ndiyo kasi ya soko. Pandisha data yote kwa 35.1.

#11 Ngosha_wa_Hesabu
Mkuu hapo umechanganya mafaili. Ile 35.1 ni ya watumishi wa umma, kutoka 370,000 hadi 500,000, ilianza Julai 2025. Ya sekta binafsi ni asilimia 33.4 na inaanza 1 Januari 2026. Hata hiyo ya sekta binafsi ni wastani, kila sekta ina kiwango chake kwenye amri ya mishahara.

Na hata ukiwa na namba sahihi, kima cha chini kinabana gredi za chini tu. Mhasibu wa 1,800,000 hakiguswi na amri. Ukimpandisha kwa 33.4 anakuwa zaidi ya 2,400,000, na gredi zote za juu zinafuata. Mkurugenzi wa fedha atakurudishia karatasi kabla hujakaa.

#12 Bi_Gredi
Lakini Mtu_wa_Mshahara amegusa kitu ambacho kinasahaulika. Kwa gredi za chini, data ya Julai 2023 ilikusanywa wakati amri iliyoanza Januari 2023 ndiyo inatumika. Ukiisogeza kwa asilimia 6 kwa mwaka, kuna nafasi zitakazoangukia chini ya kima kipya cha sekta husika. Kwa hizo kusogeza hakufanyi kazi, maana soko litaruka siku moja badala ya kupanda taratibu.

Kwa hiyo sogeza kwanza, jibu liwe F2, halafu linganisha na kima cha sekta yenu kwenye G2, uchukue kilicho kikubwa:

```
=MAX(F2,G2)
```

Baada ya hapo angalia gredi inayofuata juu yake. Kama mlinzi na mhudumu wamepandishwa na amri, na dereva amepanda kwa 6 tu, pengo kati yao linaweza kubaki elfu ishirini. Hapo ndipo madereva wanaanza kuja ofisini mmojammoja. Inabidi gredi mbili au tatu za juu yake nazo zisukumwe kidogo, na hilo data ya zamani haiwezi kukuonyesha.

#13 Mtu_wa_Mshahara
Sawa, nimeelewa. 33.4 na ya gredi za chini. Ila bado mtakuja kukubaliana nami kwa madereva.

#14 Daraja_la_Salender
Naomba nipinge kitu kimoja kikubwa. Bi_Gredi kwenye #5 ametumia bajeti za nyongeza. Bajeti ya nyongeza siyo kasi ya soko. Chukua kampuni moja yenye wahasibu watano, wanalipwa 1,500,000, 1,600,000, 1,800,000, 2,000,000 na 2,400,000. Mediani ni 1,800,000. Wote wanapewa asilimia 7. Wanakuwa 1,605,000, 1,712,000, 1,926,000, 2,140,000 na 2,568,000. Sasa yule wa juu anaondoka, nafasi yake anachukua kijana wa 1,550,000. Panga upya: 1,550,000, 1,605,000, 1,712,000, 1,926,000, 2,140,000. Mediani imeshuka hadi 1,712,000 mwaka ambao kila aliyebaki ameongezwa asilimia 7.

Kwenye kampuni arobaini jambo hilo halionekani kwa ukali huo, lakini linakuwepo kila mwaka. Wakongwe wanatoka, wapya wanaingia chini. Ndiyo maana ukisogeza kwa bajeti za nyongeza miaka miwili au mitatu, unapita soko halisi.

#15 Kibubu255
Kwa hiyo 3.3 yangu haikuwa mbali sana!

#16 Daraja_la_Salender
Haikuwa mbali kwa bahati. Sababu yake bado siyo sahihi.

#17 Bi_Gredi
Daraja, hesabu yako ni sahihi na hoja naikubali nusu. Nusu nyingine ni hii: sisi tunapanga bei ya kazi, siyo wastani wa watu waliopo leo. Yule mkongwe alipoondoka, kazi ya mhasibu haikushuka bei. Alikuwa juu ya skeli, mwenzake kaingia chini ya skeli, na skeli yenyewe imebaki palepale.

Ndiyo sababu ripoti nzuri huwa na namba mbili tofauti. Kuna asilimia ambayo kampuni zimewaongeza watu, na kuna asilimia ambayo kampuni zimesogeza skeli zao. Ya pili kwa kawaida huwa ndogo kuliko ya kwanza, kwa sababu ya kwanza ina ndani yake zawadi ya utendaji na wengine hata kupandishwa cheo huingizia humo. Mimi nikiipata ya pili natumia hiyo. Nilitumia bajeti kwenye mfano kwa sababu ndiyo inayopatikana kirahisi.

#18 Daraja_la_Salender
Hiyo ya skeli nayo ina tatizo. Kampuni nyingi hapa kwetu hazigusi skeli miaka mitatu, halafu zinasogeza kwa asilimia 15 siku moja. Ukiuliza mwaka ambao hazikugusa unapata sifuri nyingi, na wastani unashuka uongo. Mwaka unaofuata unapata kinyume chake.

#19 Jirani_wa_Mombasa
Salamu kutoka ng'ambo ya Horohoro. Kwetu tatizo la kwanza halikuwa asilimia, lilikuwa namba zenyewe. Baadhi ya ripoti za hapa zinaonyesha mshahara wa mkononi. Ukichukua mkononi ya mwanzo wa 2023 ukasogeza hadi leo, halafu ukatafuta mshahara kamili kwa makato ya leo, umeharibu.

Angalia mtu wa 300,000 za Kenya. Zamani makato ya bima ya afya, NHIF, yalikuwa yanaishia 1,700. SHIF iliyochukua nafasi yake tangu Oktoba 2024 ni asilimia 2.75 bila ukomo wa juu, yaani 8,250 kwa huyo. Ada ya nyumba ya asilimia 1.5 ni 4,500 nyingine. NSSF nayo imekuwa ikipanda kwa hatua. Ukitumia makato ya leo kurudisha mkononi ya 2023 kuwa mshahara kamili, unapata mshahara mkubwa kuliko ule ambao mwajiri alikuwa analipa kweli. Hapo soko halijasogea, ni makato ndiyo yamesogea.

Utaratibu wetu ni huu: rudisha kwanza kwenye mshahara kamili kwa majedwali ya tarehe ya data, ndipo usogeze. Usigeuze mpangilio.

#20 Mtunza_Skeli
Jirani, shukrani. Yetu ni mshahara wa msingi kabla ya makato, hapo niko salama. Ila nafasi za juu, mkurugenzi na mameneja wawili, ripoti imezitaja kwa dola. Nazisogeza kwa dola halafu nabadilisha kwa kiwango cha leo?

#21 Ngosha_wa_Hesabu
Jiulize mtu huyo sokoni analipwa kwa nini. Kama kampuni zilimlipa kwa shilingi na mtoa savei akageuza kuwa dola ili ripoti isomeke nchi nyingi, basi dola hapo ni nguo tu. Tafuta kiwango cha kubadilisha walichotumia, kwa kawaida kimeandikwa nyuma, rudisha kwenye shilingi kwa kiwango hichohicho, halafu sogeza kwa asilimia ya shilingi.

Tuseme walitumia 2,400. Wewe ukabadilisha kwa 2,600. Umeshaongeza asilimia 8.3 kabla hujasogeza chochote. Ukisogeza tena kwa asilimia ya shilingi, umehesabu mara mbili. Na shilingi ikiimarika kosa linageuka upande wa pili, unapata meneja aliyeshuka mshahara kwenye karatasi.

#22 Zawadi_wa_Migodi
Kwa wanaolipwa dola kweli, migodi na miradi ya nje, ni kinyume chake. Sogeza kwa dola na kwa asilimia ya nyongeza za dola, ambazo ni ndogo sana kuliko za shilingi. Ukiweka 6 au 7 kwa mwaka kwenye mshahara wa dola, baada ya miezi 30 hutamtambua.

Na ukiona kwenye ripoti mediani ya nafasi fulani imeruka ghafla, angalia orodha ya walioshiriki. Mgodi mmoja ukiingia kwenye savei ya kampuni thelathini, fundi umeme anapanda bila soko kupanda.

#23 Mtunza_Skeli
Bado swali langu la tatu. Naishia 1 Januari 2026 au naenda mbele?

#24 Bi_Gredi
Skeli itakaa mwaka mzima bila kuguswa, soko halitakaa. Kwa mfano wetu, 1 Januari ni 2,091,976. Ukidhani soko litasogea asilimia 6 mwaka 2026, Desemba litakuwa 2,217,495. Ukiishia Januari, siku ya kwanza uko sawa na soko na Desemba uko nyuma kwa karibu asilimia 6. Ukisogeza hadi Desemba, unaanza mwaka uko mbele na unamaliza uko sawa. Wengi huishia katikati, 1 Julai 2026:

```
=2091976*(1+6%)^(6/12)
```

Inatoa 2,153,821. Ukiizungusha kuwa 2,150,000 na kutaka skeli ambayo juu ni mara moja na nusu ya chini, chini inakuwa 1,720,000 na juu 2,580,000. Zungusha hapa mwishoni tu, usizungushe kila hatua.

#25 Ngosha_wa_Hesabu
Kwa mwajiri ambaye fedha ni ngumu mimi ningeishia Januari. Ukisogeza kati ya skeli kutoka 2,092,000 hadi 2,154,000, kiwango cha chini nacho kinapanda, na kila aliye chini yake lazima apandishwe. Hiyo ni gharama ya siku ya kwanza, haisubiri Julai. Mtunza_Skeli, kabla hujachagua, hesabu watu wangapi wanaangukia chini ya kiwango cha chini kwa kila tarehe.

#26 Bi_Gredi
Hilo la kuhesabu watu nakubali kabisa. Ila basi bodi iambiwe wazi kwamba imechagua kubaki nyuma, iandikwe kwenye waraka. Isije Oktoba ikauliza kwa nini watu wa TEHAMA wanaondoka.

#27 Kaka_Mkubwa_Morogoro
Na posho je? Mmeongea msingi tu. Sisi posho ya nyumba na usafiri ni karibu theluthi ya malipo.

#28 Daraja_la_Salender
Posho usizisogeze kwa asilimia ileile. Posho iliyo asilimia ya mshahara inajisogeza yenyewe, ukiisogeza tena umeipandisha mara mbili. Posho ya kiasi maalum, kama usafiri wa 100,000, inakaa miaka bila kuguswa halafu inarukia kiasi kingine. Sogeza msingi, kisha angalia kampuni zinatoa posho za aina gani leo. Kwa hilo hata simu kwa wenzako watano kwenye sekta yako itasaidia.

#29 Mtunza_Skeli
Wakuu, nina wazo. Kabatini kuna ripoti ya mtoa savei huyuhuyu ya Julai 2021. Nikiisogeza ya 2021 hadi Julai 2023 kwa asilimia ambazo ripoti zenyewe zilitaja, kisha nikalinganisha na ya 2023 halisi, si nitajua njia ipi inakosea?

#30 Bi_Gredi
Fanya hivyo. Ila tumia nafasi ambazo maelezo ya kazi hayakubadilika kati ya ripoti mbili, na kama orodha ya washiriki inakuruhusu, angalia kampuni ngapi ni zilezile. Kama nusu ni wapya, unapima mabadiliko ya washiriki na siyo ya soko. Nafasi yenye kampuni chini ya tano iache kabisa.

#31 Mtunza_Skeli
Nimerudi. Nafasi zilizobaki baada ya kuchuja ni chache, lakini picha ipo. Kwa bajeti za nyongeza, wahasibu na maofisa utawala wote walitoka juu ya data halisi ya 2023. Mhasibu wa kati nilimpata asilimia 5 juu. Kwa asilimia za skeli, wale wale walikaribia sana, ndani ya asilimia 2. Ila mtaalamu wa mifumo ya kompyuta alitoka chini kwa njia zote mbili, kwa asilimia 9 kwenye bajeti na 12 kwenye skeli. Dereva naye alitoka chini kidogo, nadhani ni ile amri ya Januari 2023.

#32 Mtu_wa_Mshahara
Dereva! Niliwaambia.

#33 Daraja_la_Salender
Wahasibu ndiyo hoja yangu ya #14 hiyo. Bajeti inapita soko.

#34 Bi_Gredi
Kwa wahasibu sina ubishi na wewe. Lakini mtaalamu wa mifumo anaonyesha kwamba asilimia moja kwa kampuni nzima haitoshi. Gawa walau mafungu matatu: gredi za chini zinazoguswa na amri, kazi za kawaida za ofisi, na kazi zinazogombewa. Fungu la tatu lipe asilimia yake, na kama huna chanzo cha kuaminika, nunua data ya nafasi hizo tu. Watoa savei wengi huuza nafasi mojamoja kwa bei nafuu kuliko ripoti nzima. Data ya miezi 30 kwa mtu wa TEHAMA mimi sisogezi, naitupa.

#35 Zawadi_wa_Migodi
Au ni washiriki tu. Benki mbili zikiingia 2023, mtaalamu wa mifumo anapanda kwa asilimia 9 bila soko kusogea. Umeangalia orodha?

#36 Mtunza_Skeli
Benki moja mpya iliingia, na kampuni moja ya simu. Siwezi kuzitoa maana ripoti haionyeshi namba za kila kampuni.

#37 Daraja_la_Salender
Basi hilo pengo la 9 hatuwezi kujua ni soko kiasi gani na benki kiasi gani. Kama huwa mnawania watu na benki, waache wahesabiwe. Kama hamwanii, data ya 2023 yenyewe iko juu kwenu hata kabla ya kuisogeza.

#38 Ngosha_wa_Hesabu
Angalia robo ya chini na robo ya juu za nafasi hiyo kwenye ripoti zote mbili. Kama ni benki tu, robo ya juu itakuwa imeruka na robo ya chini imekaa karibu palepale. Kama zote mbili zimepanda kwa uwiano unaokaribiana, hilo ni soko.

#39 Mtunza_Skeli
Robo ya chini imepanda asilimia 17 kwa miaka miwili, robo ya juu asilimia 31.

#40 Zawadi_wa_Migodi
Benki.

#41 Bi_Gredi
Vyote viwili. Asilimia 17 kwa miaka miwili ni zaidi ya 8 kwa mwaka, na robo ya chini hakuna benki. Mimi ningemsogeza mtaalamu wa mifumo kwa 8 na siyo 6, kuanzia mediani ya 2023, kisha nilinganishe na ofa mlizotoa mwaka huu. Ngapi zilikataliwa, na kwa kiasi gani?

#42 Mtunza_Skeli
Tulitoa ofa nne, mbili zikakataliwa. Mmoja alitaja kiasi alichopewa kwingine, na kiko juu ya namba ninayopata kwa asilimia 8. Mwingine hakusema.

#43 Kaka_Mkubwa_Morogoro
Huyo aliyetaja ni msingi au pamoja na posho?

#44 Mtunza_Skeli
Namuuliza leo.